Barua ya Kudai Kodi: Msomaji Wake wa Tatu
Mhadhara kwa wenye nyumba na wapangaji wa Kasulu na Kibondo



Nimeombwa nizungumzie barua moja tu, ile ambayo mwenye nyumba humwandikia mpangaji aliyelimbikiza kodi. Wengi wenu mmewahi kuiandika au kuipokea. Nimezisoma nyingi, kutoka Murubona na Kumsenga hapa Kasulu hadi Kibondo Mjini na Biturana, na karibu zote zina kasoro moja: zimeandikwa kwa hasira, kwa ajili ya mpangaji peke yake. Mwandishi amesahau kwamba barua hii ina wasomaji watatu. Wa kwanza ni yeye mwenyewe, wa pili ni mpangaji, na wa tatu ni mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba ambaye huenda akaishika mkononi miezi sita baadaye bila kumjua yeyote kati yenu. Mimi huiandika kwa ajili ya huyo wa tatu. Ikimridhisha yeye, mara nyingi mpangaji hulipa kabla shauri halijafika kwake.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili lina uzito wa pekee kwetu huku. Soko la nyumba za kupanga Kibondo na Kasulu halikukua kwa kilimo cha maharage na mihogo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Kambi ya Nduta, karibu na Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipoanza kumiminika. Kila wimbi lilileta mashirika, na kila shirika lilileta madereva, wauguzi, wahandisi wa maji na wahasibu waliohitaji mahali pa kulala. Watu wakauza ng'ombe wakajenga nyumba za vyumba vitatu zenye choo cha ndani. Baadaye wakaja wakandarasi wa barabara ya lami, nao wakapanga. Wapangaji wa namna hii wanaishi kwa mikataba ya kazi ya miezi mitatu, sita, au mwaka. Mradi ukifungwa au fedha za wafadhili zikikauka, mshahara hukatika siku hiyo hiyo, lakini mtu huendelea kukaa ndani ya nyumba akingoja mradi mwingine. Hapo ndipo deni huzaliwa, kwa mtu ambaye mara nyingi si mwizi wala si mjeuri. Na siku akipata kazi Dar es Salaam au Mtwara, ataondoka na basi la alfajiri.

Kwa hiyo muda ni mali. Lakini ile haraka mnayoipenda, ya kung'oa mlango, kuweka kufuli juu ya kufuli, kuzima umeme kwenye mita ya LUKU au kumtoa mtu vyombo nje mvua inanyesha, ndiyo inayowagharimu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu ndani ya nyumba aliyopanga, hata kama neno hilo halikuandikwa kwenye mkataba. Deni haliifuti haki hiyo. Kinachoifuta ni upangaji kumalizwa kwa njia ya sheria, na kinachomwondoa mtu asiyetaka kuondoka ni amri ya baraza au mahakama inayotekelezwa na dalali wa mahakama. Nimewaona wenye nyumba wakiingia barazani kama wadai wa laki tano na kutoka kama wadaiwa wa fidia, kwa sababu ya televisheni iliyolowa.

Watu wazima bado huniambia habari za sheria ya kudhibiti kodi na mabaraza yake ya nyumba ya mikoa. Hiyo ni Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, na ilifutwa mwaka 2005. Leo hakuna ofisi inayowapangia bei. Mnapatana wenyewe, kisha mnabanwa na mlichopatana. Ndiyo maana barua yenu inapaswa kuanzia kwenye makubaliano, kabla ya kufika kwenye malalamiko.

Nichukue mfano, nao nimeutunga ili nisimguse mtu. Mama mmoja ana nyumba Murubona. Alimpangisha kijana mfanyakazi wa mradi kuanzia tarehe 1 Januari 2024 hadi 31 Desemba 2024, kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, kodi ilipwe miezi sita mbele. Nusu ya kwanza ililipwa yote, shilingi 900,000. Nusu ya pili ilipaswa kulipwa tarehe 1 Julai. Kijana akatuma shilingi 400,000 kwa simu tarehe 12 Agosti, akaahidi nyingine zitafuata, zisifuate. Mkataba ukaisha, yeye akabaki. Januari, Februari na Machi 2025 hakulipa kitu.

Barua ya kwanza ya mama huyu, aliyoandikiwa na mpwa wake, ilidai shilingi 1,210,000. Ndani yake mlikuwa na kodi ya 950,000, "fidia ya usumbufu" 200,000 na "maji" 60,000. Ikampa kijana siku tatu, vinginevyo "vyombo vyako vitashikiliwa na utaondolewa kwa nguvu". Tuitazame kwa macho ya yule msomaji wa tatu. Fidia ya usumbufu haikuwemo kwenye mkataba. Ya maji haikuwa na ankara hata moja. Na mama alisahau kwamba mwezi Septemba bati lilipoezuka kwa upepo, kijana alinunua mabati na misumari kwa shilingi 85,000, na kwenye simu ya kijana bado upo ujumbe wa mama: "Nunua tu mwanangu, tutakatana kwenye kodi." Mtu anayedai 1,210,000 huku anaweza kuthibitisha pungufu ya hapo anaanza safari akiwa ameshaonyesha kwamba hesabu yake haiaminiki. Baraza likitilia shaka ile laki mbili ya usumbufu, linaanza kutilia shaka hata ile kodi halali.

Hesabu sahihi ni nyepesi. Kodi iliyobaki ya Julai hadi Desemba ni 900,000 kutoa 400,000, yaani 500,000. Kodi ya Januari hadi Machi ni 150,000 mara tatu, yaani 450,000. Jumla 950,000. Ukitoa 85,000 za mabati, deni ni shilingi 865,000. Mama alinung'unika kuziacha zile 85,000. Nilimwambia kwamba kuziandika yeye mwenyewe ndiyo faida yake kubwa kuliko zote. Mpangaji akiona mdai amekumbuka haki yake, ubishi hupungua nguvu, na baraza likiona hivyo hujua linazungumza na mtu mkweli.

Kuna swali hapa: je, kodi ya miezi mitatu baada ya mkataba kuisha inadaiwa kwa msingi gani? Mtu aliyebaki ndani hawezi kukaa bure kwa sababu tu karatasi imeisha muda. Na mwenye nyumba akiendelea kupokea kodi yake, huhesabika kuwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, hata bila karatasi mpya. Sheria inaruhusu upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka, ufanyike hata kwa mdomo. Kwa hiyo wenzangu mnaosema "hatuna mkataba, sina la kudai", mnajidhulumu. Ujumbe wa simu, muamala wa fedha, daftari la risiti na jirani aliyeshuhudia mkipatana ni ushahidi. Kwa upande mwingine, mkataba wa maandishi usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kupingwa usipokelewe. Ushuru wenyewe ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, ambayo kwa nyumba ya mama yetu ni shilingi 18,000. Watu huuona mdogo mno kuukumbuka, hadi siku wakili wa upande wa pili atakaposimama.

Barua tuliyoiandika upya ilikuwa hivi.

"Murubona, Kasulu. Tarehe 3 Machi 2025.

Ndugu mpangaji,

YAH: MADAI YA KODI YA NYUMBA, SHILINGI 865,000, NA TAARIFA YA KUSUDIO LA KUSITISHA UPANGAJI

Rejea makubaliano yetu ya maandishi ya upangaji wa nyumba yangu iliyopo Murubona, yaliyoanza tarehe 1 Januari 2024 na kuisha tarehe 31 Desemba 2024, kwa kodi ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Umeendelea kukaa katika nyumba hiyo hadi leo.

Kodi ya Julai hadi Desemba 2024 ilikuwa shilingi 900,000. Nilipokea shilingi 400,000 tarehe 12 Agosti 2024. Zimebaki shilingi 500,000. Kodi ya Januari, Februari na Machi 2025 ni shilingi 450,000, nayo haijalipwa. Nimepunguza shilingi 85,000 ulizonunulia mabati Septemba 2024 kwa ruhusa yangu. Deni lililobaki ni shilingi 865,000.

Nakutaka ulipe deni hilo lote ndani ya siku 30 tangu siku utakapopokea barua hii, kwa kuniletea mkononi na kupewa risiti, au kwa namba ya simu uliyokuwa ukinilipia. Kama unaona hesabu hii ina kosa, niandikie ukionyesha kosa na uthibitisho wake kabla ya muda huo kuisha. Kama huwezi kulipa kwa mkupuo, niandikie pendekezo la awamu na tarehe zake.

Muda huo ukipita bila malipo wala makubaliano ya maandishi, nitapeleka shauri hili Baraza la Kata kwa usuluhishi, na usuluhishi ukishindikana nitafungua maombi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nikiomba amri ya kulipwa deni, kusitisha upangaji, kurudishiwa nyumba na gharama za shauri. Hadi hapo utaendelea kuitumia nyumba bila kusumbuliwa, na kodi ya miezi inayofuata itaendelea kuhesabiwa.

Wako, Mwenye nyumba."

Hakuna kejeli ndani yake, na hilo ni la makusudi. Barua kali isiyo na hesabu humchekesha mdaiwa. Barua tulivu yenye tarehe humkosesha usingizi.

Nieleze mambo machache yaliyomo. Siku 30 nilizichagua kwa sababu ndiyo muda ambao hakuna baraza litakalouona kuwa wa kumvizia mtu, hasa pale nia ni kuufikisha upangaji mwisho. Siku tatu au saba zinampa mpangaji hoja ya bure. Muda unahesabiwa tangu barua ipokelewe, siyo tangu iandikwe. Kijana alipokea tarehe 4 Machi, kwa hiyo siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi, tarehe 3 Aprili 2025. Tuliiandika tarehe hiyo kwa kalamu kwenye nakala zote mbili mbele yake, pasiwe na kubishania vidole vya kuhesabia.

Kupokea kwenyewe ndiko kunakoharibu mashauri mengi kuliko kitu kingine. Mwenye nyumba anasema alimpa, mpangaji anasema hakuona. Andaa nakala mbili. Mpangaji asaini yako na kuandika tarehe. Akikataa, usigombane naye. Nenda na mwenyekiti wa mtaa au mtu mzima asiye ndugu yako, soma barua kwa sauti, iache pale, kisha shahidi aandike chini ya nakala yako kwamba siku fulani, saa fulani, mpangaji alikataa kusaini na barua ikaachwa mlangoni mbele yake. Kasulu mjini mna wenyeviti wa mitaa, na Kibondo na vijiji vya pembeni mna wa vitongoji. Kazi yao hapa ni kushuhudia tu. Hawana mamlaka ya kumhamisha mtu, na wale wanaopokea elfu kumi ili "wamtoe" wanajiingiza matatani pamoja nanyi. Picha ya barua mtumie pia kwa simu. Ile alama ya kwamba ujumbe umesomwa imeokoa zaidi ya shauri moja.

Jambo jingine ni nani anayeandika. Nyumba nyingi za hapa wamiliki wako mbali, au wamefariki na watoto wanakusanya kodi kwa zamu. Msimamizi aandike "kwa niaba ya" fulani na awe na barua ya kumruhusu. Kama mwenye nyumba amefariki, anayepaswa kudai ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa, hata kama ndiye aliyejenga ukuta wa nyuma, bila uteuzi huo anaweza kuondolewa barazani kabla hata deni halijasomwa.

Sasa hizo hatua zilizotajwa kwenye barua. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halihukumu tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Lakini Baraza la Wilaya halisikilizi shauri linalogusa maslahi katika ardhi hadi Kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana. Kata ikikaa nalo siku 30 bila kulimaliza, unaruhusiwa kusonga mbele bila cheti chake. Kwa hiyo omba muhuri na tarehe siku unapowasilisha lalamiko Kata, maana siku 30 zitahesabiwa kuanzia hapo. Wengine hubisha kwamba kudai kodi peke yake ni deni la kawaida lisilohitaji kupitia Kata. Pengine, lakini anayetaka pia nyumba yake irudi anagusa haki ya kukaa, na kupita Kata ni rahisi kuliko kubishana na pingamizi. Baraza la Wilaya lenyewe linaweza kusikiliza madai ya kurudishiwa mali isiyohamishika yenye thamani ya hadi shilingi milioni 300, kwa hiyo nyumba zetu zinaingia. Likishaamua, asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Hesabuni basi: siku 30 za barua, hadi 30 za Kata, miezi ya kusikilizwa, siku 45 za rufaa, kisha maombi ya kukazia hukumu. Mnaona kwa nini nasisitiza barua ipelekwe mapema. Mama yetu alingoja miezi saba tangu Agosti. Barua ya namna hii angeipeleka mwezi Septemba, deni likiwa 500,000 na kijana akiwa bado na mshahara.

Kwa wa Kibondo nina neno la pembeni. Kama mpangaji wako ni mfanyakazi kwa jina lake mwenyewe, au ni shirika lisilo la kiserikali la kawaida, hatua ni hizi hizi. Kama aliyesaini mkataba ni shirika la Umoja wa Mataifa, lina kinga mbele ya mahakama na mabaraza ya nchi, na kulitishia kwa Baraza la Wilaya ni kupoteza wino. Mikataba yao huwa na kifungu cha mazungumzo na usuluhishi maalumu, na barua yako ielekeze huko. Mpangaji akiwa anaendesha biashara, naye hupaswa kukata zuio la asilimia 10 ya kodi na kulipeleka TRA, kwa hiyo usidai kama deni kile alichokata kihalali. Dai cheti cha zuio. Na ninyi mliozoea kuandika madai kwa dola, kanuni zilizotoka Machi 2025 zimezuia kutoza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Andikeni shilingi.

Kijana wa mfano wangu nimpe mwisho ulio wa kawaida. Siku ya 20 analeta karatasi: atalipa 300,000 tarehe 3 Aprili, 300,000 mwisho wa Aprili na 265,000 mwisho wa Mei, na ataondoka tarehe 31 Mei, akilipa pia 150,000 za Aprili na 150,000 za Mei kila moja kwa mwezi wake. Wengi wenu mngeikataa mkitaka zote kwa pamoja. Mimi ningemwambia mama aikubali, kwa masharti mawili. Iandikwe wazi kwamba kijana anakiri deni la shilingi 865,000, na asaini. Madai ya kodi yana ukomo wa miaka sita, na kukiri kwa maandishi huanzisha upya hesabu hiyo. Muhimu zaidi, kunaondoa ubishi wote kuhusu Julai, Agosti na mabati. Sharti la pili ni kwamba kila risiti iseme "malipo ya sehemu ya deni lililokiriwa, hayaanzishi upangaji mpya", ili laki tatu ya kwanza isije ikasomwa kama kodi ya miezi miwili ijayo. Awamu moja ikikosekana, mama anakwenda Kata siku inayofuata akiwa na barua, nakala iliyosainiwa na ungamo la deni, bila kulazimika kuanza upya siku zile 30.